Daftari la Mzee Shomari na wiki nane za kusi

*Shikamoo, Bwana Samaki. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa huku Kilwa. Tuna mzee mmoja, mvuvi wa mshipi. Daftari lake tumelipigia hesabu kwa bei ya mnada: anapeleka nyumbani wastani wa 100,000 kwa wiki. Mwenyewe anasema matumizi ya nyumbani ni 60,000. Tulimkopesha mwezi wa tano, marejesho 20,000 kila wiki kwa wiki 20. Mwezi wa saba akakatika kabisa. Wajumbe wengine wanasema ni mzembe, wengine wanasema ana nyumba ya pili. Nimekutumia picha za daftari. Tumwamini nani, mzee au wastani?*

Marahaba, mwanangu. Wastani wenu una kosa dogo nitakalolisahihisha kwanza, lakini hata ukishasahihishwa hautawajibu, kwa sababu mmeuuliza jambo lisilo lake. Picha nimezipitia siku tatu, na kwa ruhusa uliyoniombea nimezungumza na mzee kwa simu mara mbili. Nitamwita Mzee Shomari, ambalo si jina lake.

Kwanza nilisifu daftari. Ni lile la shule la mistari, anayeandika ni mjukuu wa kike wa darasa la sita, na mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Kuna tarehe, kilo, bei ya mnada siku hiyo, halafu fedha iliyobaki kwa babu baada ya kumtolea mpwa wake fungu lake. Chambo wanavua wenyewe, kwa hiyo gharama nyingine ni ndogo. Pembeni kabisa kuna safu isiyo na kichwa. Kila jioni ya safari babu humwambia mtoto neno moja la kuandika humo: "shwari", "umande mzuri", "kusi kidogo", "kusi". Ninyi mlipopiga hesabu mliiruka safu hiyo, na ndiyo iliyonisomea hadithi yote.

Sasa kosa lenu. Wiki mlizozipima ni 20, kuanzia mwanzo wa mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa tisa. Jumla ya fedha ni 1,800,000. Ninyi mkaigawa kwa 18, mkapata 100,000. Nilipohesabu tarehe nikaona kwamba wiki ya 9 na wiki ya 12 hazina mstari hata mmoja. Mtoto hakuandika kitu kwa sababu hakukuwa na kilo za kuandika, na aliyepiga hesabu akaziona wiki 18 tu. Lakini wiki hizo mbili watu walikula. Ukigawa kwa 20 unapata 90,000.

Usiwacheke wenzako kwa hilo. Nilipokuwa kijana wa kupokea takwimu pwani, nilikaa bandani na mizani yangu nikipima kila chombo kilichoingia. Vyombo vilivyolala mchangani siku hiyo sikuvihesabu, maana havikuwa na samaki wa kupima. Mwisho wa mwezi nikazidisha wastani wa chombo kimoja kwa idadi ya vyombo vyote na kwa siku zote, na diko letu dogo likaonekana kama linalisha mkoa mzima. Mkubwa wangu akaniuliza swali moja tu: "Na wale waliolala?" Sifuri isiyoandikwa ndiyo inayopandisha wastani kuliko samaki yeyote.

Basi tuseme 90,000. Nyumbani 60,000, kwenu 20,000, jumla 80,000. Bado kinabaki 10,000 kila wiki, na baada ya wiki 20 mzee angekuwa na 200,000 mkononi na deni limekwisha. Karatasi haina tatizo. Ndiyo maana nataka tuondoke kwenye karatasi twende baharini naye.

Mzee Shomari ana ngalawa ya tanga, yeye na mpwa wake. Hutoka alfajiri na umande, ule upepo mwepesi unaovuma kutoka bara, huvuka nje ya mwamba, hushusha mishipi ukingoni kutafuta changu, chewa na kolekole, na mchana upepo wa baharini huwarudisha. Wiki sita za kwanza zilikwenda hivyo: 130,000, kisha 110,000, kisha 140,000, 95,000, 60,000 na 120,000. Nilimuuliza kuhusu ile ya 140,000, akacheka. "Ile ya chewa. Tulimvuta mpaka mpwa wangu akakata kidole na mshipi, tukadhani tumenasa jiwe." Nikamuuliza ya 60,000. Hakukumbuka mpaka niliposoma neno la pembeni: bamvua. Maji yalikuwa yanakwenda mbio, mshipi haukai chini, unaondoka na mkondo. Mambo ya kawaida hayo, wiki moja ya mbele na moja ya nyuma.

Mwisho wa wiki ya 6, baada ya kula na kuwalipa ninyi, alikuwa amebakiwa na 175,000. Nimejumlisha mwenyewe mara mbili. Alizitunza kweli, nyingine kwenye simu, nyingine kwa mkewe.

Wiki ya 7, katikati ya mwezi wa sita, safu ya pembeni inaandikwa "kusi" siku nne mfululizo. Anayeijua bahari yenu hahitaji maelezo, lakini wajumbe wako wengine ni watu wa dukani, basi waambie hivi. Kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, likishakolea halilali tena usiku. Alfajiri, saa ambayo ngalawa ingetoka na umande, bahari tayari imechafuka. Kuvuka mwamba kwa tanga na matengo mawili ya mbao ni kuuza roho. Kwa hiyo wanabaki ndani, kwenye maji ya mikoko na nyasi, wanapata tasi wadogo na pono wawili watatu. Wiki ya 7 ilileta 40,000. Ya 8, 25,000. Ya 9 hawakutoka hata siku moja. Ya 10, 15,000. Ya 11, 30,000, na siku ya mwisho ya wiki hiyo walithubutu kuvuka, tanga likachanika toka juu hadi chini. Ya 12 ngalawa ililala chini ya mkungu, mzee akishona tanga kwa uzi wa nyavu. Ya 13, 20,000. Ya 14, 35,000.

Wiki nane, jumla 165,000. Mahitaji ya wiki nane kwa 80,000 ni 640,000. Pengo ni 475,000.

Fuata akiba yake sasa. Ile 175,000 ilishuka ikawa 135,000, ikawa 80,000, na mwisho wa wiki ya 9 ilikuwa sifuri kamili, wala shilingi moja juu wala chini. Wiki ya 10 ndiyo wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Angalia kitabu chenu cha marejesho: ndiyo wiki aliyokatika. Mtu aliyekuwa na shilingi alilipa, na siku shilingi ilipokwisha akaacha. Sijui kama ana nyumba ya pili, hilo si fani yangu, ila daftari halina nafasi ya kuilisha.

Kuanzia hapo alikuwa chini ya maji. Mwisho wa wiki ya 14 hesabu inamwonyesha chini kwa 300,000. Kisha upepo ukaanza kuchoka: 90,000, halafu 150,000, 170,000, 210,000, 160,000, 200,000. Wiki ya 18 akarudi kwenye sifuri, na wiki ya 20 hesabu ikafika 200,000 juu, vilevile kama wastani ulivyoahidi. Wastani haukusema uongo hata kidogo. Jumla ilitimia. Ila uliulizwa "kiasi gani kwa jumla", na nyumba ya mvuvi haiulizi hivyo, inauliza "lini". Wastani ni ile jumla yenyewe, imegawanywa tu, na jumla haina tarehe ndani yake.

Kuna mwenzangu mwalimu wa hesabu niliyemwonyesha namba hizi, akaniambia tatizo ni kwamba wastani huvutwa na wiki kubwa, nitumie namba ya katikati. Ni ushauri mzuri sehemu nyingi. Kama kijijini kuna tajiri mmoja na maskini tisa, namba ya katikati itakueleza ukweli kuliko wastani. Nikazipanga wiki 20 kutoka ndogo hadi kubwa. Ya 10 ni 90,000, ya 11 ni 95,000, kwa hiyo katikati ni 92,500. Imekuwa kubwa kuliko wastani! Kwa hiyo hapa hakuna tajiri anayewapandisha wengine. Wiki mbaya na wiki nzuri zimegawana karibu sawa, na kati ya wiki zote 20 ni mbili tu zilizokaribia 90,000. Zote nyingine ziko mbali juu au mbali chini. Wiki ya wastani kwa mzee huyu karibu haipo.

Lakini hata kusema kwamba zimetawanyika hakutoshi. Nilifanya jaribio ambalo unaweza kulirudia mbele ya wajumbe, linachukua dakika kumi. Niliandika zile namba 20 kwenye vipande vya karatasi, nikavitia kwenye kikapu, nikachanganya, nikavuta kimoja kimoja, na kila kilichotoka nikakitolea 80,000 na kuendeleza hesabu ya akiba. Mkono wangu ulivuta hivi: 35, 160, 0, 210, 90, 20, 150, 40, 120, 110, 0, 170, 60, 15, 200, 30, 140, 95, 25, 130, zote kwa maelfu. Ni wiki zilezile, na sifuri zilezile mbili zimo. Wastani ni 90, katikati ni 92.5, mtawanyiko haujabadilika. Mwisho wa hesabu ni 200,000 ileile. Ila mahali pa chini kabisa akiba ilipofika ni 45,000 chini ya sifuri, na mteremko mrefu kuliko yote, kutoka kilele hadi bonde lake, ni 85,000. Kwa mzee, mteremko ulikuwa 475,000.

Mivuto mingine hushuka zaidi ya huo, usije ukawaahidi wajumbe 85,000 halafu kikapu kikakuaibisha. Lakini kuvuta zile wiki nane mbovu kuliko zote zikafuatana zote nane bila nyingine kuingia katikati, kwa bahati tupu, ni nafasi moja katika 9,690. Mtavuta mpaka ramadhani. Bahari haikuhitaji bahati, ilihitaji kusi tu. Wiki mbaya za mvuvi zina sababu moja, na sababu hiyo haiondoki baada ya siku saba, kwa hiyo wiki mbaya huzaa nyingine. Ukimwona mvuvi wa ngalawa mwisho wa mwezi wa sita ametoka kwenye wiki ya 25,000, usitegemee kwamba inayofuata itarudi kwenye 90,000. Itegemee ifanane na iliyopita.

Hapo nikuonyeshe tofauti moja ndogo, kwa sababu najua mna wavuvi wa dagaa pia. Wale wanaovua kwa taa hulala mwezi unapokuwa mpevu, maana mbalamwezi inaua kazi ya taa. Nao wana shimo, lakini ni la siku chache na linarudi kila mwezi mwandamo, kiasi cha siku 29 na nusu. Shimo la namna hiyo kila mama mwenye nyumba anajua kulivuka. La kusi linakuja mara moja kwa mwaka na linakaa miezi miwili. Ukichukua wastani, mashimo yote mawili yanaonekana sawa.

Sasa nifike mahali ambapo, mniwie radhi, kosa ni la kikundi.

Nilipiga hesabu ya mzee tena, safari hii bila mkopo wenu, kwa matumizi ya nyumbani peke yake, 60,000 kwa wiki. Wiki sita za kwanza zingemwachia 295,000. Kusi la wiki nane lingemla 315,000. Mwisho wa wiki ya 14 angekuwa chini kwa 20,000. Elfu ishirini, deni la mchele na mafuta kwa jirani mwenye duka, linalolipwa wiki inayofuata. Nilipomsomea namba hizo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndivyo tunavyokwenda kila mwaka." Mtu huyu amevuka kusi miaka zaidi ya thelathini bila kikokotoo, na kipimo chake kimekaribia sifuri hivyo. Anayaona mavuno ya mwezi wa tano kama sisi watu wa bara tunavyoyaona mahindi ya ghalani, ni chakula cha baadaye.

Ninyi mkaja mwezi wa tano, mkaona fedha nyingi, mkaanza kuchukua 20,000 kila wiki. Wiki sita, 120,000. Hiyo ilikuwa imetoka kwenye ghala la kusi. Alipoingia kwenye upepo alikuwa na 175,000 badala ya 295,000, na bado mkaendelea kudai ndani ya wiki nane zile. Mlimdai wakati fedha ya kusi ilikuwa bado mkononi, mkamwona mlipaji mzuri. Wakopeshaji wengi hushikwa hapo.

Sasa hizo 300,000 alizozikosa zilitoka wapi? 100,000 ni marejesho yenu ya wiki tano ambayo hakuyalipa. 200,000 alichukua kwa mchuuzi wa pwani. Mchuuzi hana riba, na kila mtu atakwambia ni mtu mwema, aliwapa wakati hakuna aliyewapa. Sharti lake ni kwamba kusi likiisha samaki wote waje kwake, asipande mnadani. Tasi wa ndani hakuwataka, hao waliuzwa mtaani. Kuanzia wiki ya 15 mzee aliuza kwake changu kwa 6,400 kilo moja, mnadani ikiwa 8,000. Ni pungufu ya sehemu moja ya tano. Mjukuu hakujua hilo, akaendelea kuandika bei ya mnada kama alivyozoea.

Fedha iliyoandikwa wiki ya 15 hadi ya 20 ni 980,000. Toa moja ya tano, 196,000. Ile 200,000 ambayo wastani ulimwahidi mwisho wa safari inabaki 4,000. Nusu kilo ya changu. Kukopa 200,000 kwa wiki chache kumemgharimu karibu 200,000 nyingine, na hakuna mahali ambapo neno riba limetajwa. Nanyi mnashangaa kwa nini mwezi wa tisa, samaki wapo tele, bado anasuasua kufuta yale marejesho matano.

Nikuachie namna ya kulipima hili kwa kila mwanachama, kwa sababu swali lako halikuwa la mzee mmoja tu. Chukua daftari la mwaka mzima, uhakikishe wiki zisizo na safari zimeandikwa sifuri. Ongeza safu moja: mapato ya wiki toa mahitaji ya wiki, jumlisha na kilichobaki wiki iliyopita. Shuka na safu hiyo hadi chini. Kila inapofika kileleni weka alama, kisha tazama ilishuka kiasi gani kabla ya kupanda tena kupita kilele hicho. Mteremko mkubwa kuliko yote mimi nauita shimo la mwanachama. Kwa Mzee Shomari shimo la nyumbani ni 315,000, na mkopo wenu ulilichimba likawa 475,000. Kabla ya kuuliza wastani wake unabeba marejesho, uliza kama akiba yake inabeba shimo lake. Mama wa dema mliye naye kwenye orodha, anayetega ndani ya mikoko na wastani wake ni mdogo, nina hakika ukimpima hivyo utakuta shimo lake halifiki robo ya hili. Wajumbe wako wangempa mkopo mdogo kuliko wa mzee, kwa kutazama wastani.

Mkopo uleule ungeweza kulipika. Marejesho yote ni 400,000. Mngesubiri hadi wiki ya 16, kisha mkachukua 80,000 kwa wiki tano, akiba yake isingeshuka chini ya ile 20,000 ya dukani, asingemfuata mchuuzi, angeuza mnadani, na mwisho wa wiki ya 20 angekuwa na 200,000 zake na ninyi mmelipwa shilingi ya mwisho. Nimeipiga wiki kwa wiki, nitakutumia karatasi. Wajumbe watashtuka wakisikia 80,000 kwa wiki moja kwa mtu aliyeshindwa 20,000. Waonyeshe wiki ya 18.

Kuna mambo mawili yatakayowasumbua, nayo si madogo. La kwanza ni kwamba kikundi chenu, kwa orodha uliyonitumia, ni wavuvi kumi na nne kati ya watu kumi na tisa. Mkiwasogeza wote marejesho baada ya kusi, sanduku litakauka mwezi wa sita hadi wa nane, wakati huohuo kila mmoja anataka kuchota. Watu husema kikundi kinasaidiana kwa sababu si wote huanguka siku moja. Kwenu wote huanguka siku moja, upepo hauchagui ngalawa. Wastani wa wavuvi kumi na nne una shimo lilelile la mvuvi mmoja. Mnachohitaji ni wanachama ambao fedha yao inaingia wakati wa kusi, na Kilwa mnao: wakulima wa ufuta, ambao minada yao huwa miezi hiyohiyo ya kati ya mwaka. Wa korosho hawatawasaidia kwa hili, fedha yao huja kuanzia mwezi wa kumi, na mvuvi naye wakati huo anacheka.

La pili, daftari hili ni la kusi moja. Shimo mlilolipima ni lile lililotokea, na mwaka mwingine linaweza kuwa refu zaidi au likaanza mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja Mafia na huko kwenu, barabara ya kusini ikakatika. Hata aliyekuwa na samaki hakuwa na pa kuwapeleka, na ule ni mwezi ambao kwa daftari hili ndio wa kujaza ghala. Kama mzee ana madaftari ya nyuma, hata yaliyoliwa na mende, yatafute. Yakipatikana ya miaka mitatu, tumia shimo kubwa kuliko yote na uongeze kidogo.

Deni la sasa, msilipige faini. Muulizeni mchuuzi anadai kiasi gani kilichobaki, mkilipe ninyi kabla upepo wa matlai haujaanza, mzee arudi mnadani, halafu mkate kwenye mnada. Mjukuu naye mpe safu mbili zaidi: bei aliyouzia babu kweli, na sifuri kwa kila siku ngalawa isipotoka. Ile safu isiyo na kichwa aiendeleze. Mimi nimemwambia aiandike jina, akaniuliza iitweje. Babu yake akadakia nyuma ya simu: "Andika bahari."